Hesabu ya Getini: Kwa Nini Watu Hufa Uwanjani Wakiwa Wamesimama

Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 1989, saa nane na nusu mchana, zilikuwa zimebaki dakika 30 nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest ianze. Katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza, mashabiki 4,383 wa Liverpool walikuwa wamekwishapita mageti saba yaliyotengwa kwa ajili ya jukwaa la kusimama la upande wa Leppings Lane. Tiketi za jukwaa hilo zilikuwa 10,100. Maana yake watu zaidi ya 5,700 walikuwa bado nje, na kila mmoja alitaka awe ndani kabla kipenga hakijalia.

Tupige hesabu. Geti la kuzunguka, lile la chuma linalopitisha mtu mmoja mmoja, lilikadiriwa wakati ule kuweza kupitisha watu 750 kwa saa. Mageti saba ni watu 5,250 kwa saa, yaani 2,625 kwa nusu saa. Hata kama kila geti lingefanya kazi bila kukwama mara moja, watu wapatao 3,000 wangekuwa bado nje mpira unapoanza, na wa mwisho angeingia dakika 35 baadaye. Hesabu hii mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Ingeweza kufanywa wiki kadhaa kabla, siku ile tiketi zilipogawanywa baina ya timu mbili na mageti kupangwa. Haikufanywa, au kama ilifanywa, hakuna aliyeitendea kazi.

Waliokufa kutokana na mchana ule ni 97. Wa mwisho alifariki mwaka 2021, baada ya kuishi na majeraha yake kwa miaka 32. Kwa sababu mkasa huu ulichunguzwa kwa undani, kwanza na Jaji Taylor mwaka 1989, kisha na jopo huru lililotoa ripoti mwaka 2012, na mwisho na baraza la wazee wa mahakama lililotoa uamuzi mwaka 2016, tunaweza kuufuata karibu dakika kwa dakika. Wasanifu wa viwanja duniani bado wanausoma. Nasi Afrika Mashariki tuna sababu ya kuusoma, maana Kenya, Tanzania na Uganda ndizo zilizopewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027.

Mashabiki wa Liverpool wapatao 24,000, wa kukaa na wa kusimama, waliingia kupitia upande mmoja wa uwanja, kwenye mageti 23 tu. Saba kati ya hayo ndiyo yale ya jukwaa la kusimama. Wapinzani wao wa Nottingham Forest walikuwa na mageti 60. Mbele ya yale mageti 23 palikuwa na kiwanja chembamba kilichobanwa na kuta, na waliokuwa wanakuja kutoka barabarani hawakuweza kuona kwamba mbele hapaendi. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipozaliwa. Mtu wa nyuma husogea kwa sababu anaona nafasi mbele yake; mtu wa mbele amebanwa ukutani na hana njia ya kumwambia wa nyuma asimame. Hakuna aliyefanya fujo, ila msukumo unajumlishwa kutoka mtu hadi mtu, na wote unaishia kwa yule aliye getini.

Kufikia saa tisa kasorobo watu walikuwa wanakandamizwa nje kiasi kwamba askari walihofia vifo palepale. Ofisa mmoja aliomba ruhusa ya kufungua geti kubwa la kutokea, lililoitwa Geti C. Saa nane na dakika 52 likafunguliwa, na kwa dakika chache watu wapatao 2,000 wakaingia kwa mkupuo. Uamuzi huo peke yake haukuwa wa kipumbavu. Nje watu walikuwa hatarini na walihitaji kupunguziwa msongamano. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejiuliza watu hao 2,000 wangekwenda wapi baada ya kupita.

Mtu aliyeingia kupitia Geti C alikuta mbele yake njia ya chini ya jukwaa iliyoteremka mwinuko wa kutosha kumwongezea mtu kasi. Juu yake palikuwa na maandishi yanayoonyesha kwamba huko ndiko kwenye jukwaa la kusimama. Njia ile ilimwaga watu moja kwa moja kwenye kizimba cha 3 na cha 4, nyuma ya goli. Jukwaa lote lilikuwa limekatwakatwa vizimba kwa uzio wa chuma, na vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi tele. Lakini njia za kwenda huko zilikuwa zimejificha pembeni, vibao havikuzionyesha vizuri, na hakuna mtu aliyewekwa pale kuwaelekeza watu kushoto au kulia. Mwaka mmoja kabla, katika nusu fainali kama hiyo, askari walisimama mdomoni mwa njia ile na kuifunga vizimba vya katikati vilipojaa. Mwaka 1989 hawakuwepo.

Jambo linalonisumbua kuliko yote katika mkasa huu ni kwamba jumla ya watu waliokuwa jukwaani haikuwa imepita kikomo kwa kiasi cha kutajika. Kwenye karatasi jukwaa la watu 10,100 lilikuwa na watu wanaokaribia idadi hiyo. Mageti yalihesabu walioingia jukwaani kwa ujumla, lakini hakuna kilichohesabu walioko katika kila kizimba. Vizimba viwili vya katikati, ambavyo kwa pamoja viliruhusiwa watu 2,200, na ambavyo kwa mujibu wa vipimo vilivyofanywa baadaye vilistahili watu wachache zaidi ya hapo, vilifurika huku sehemu nyingine za jukwaa lilelile zikiwa na nafasi. Uwanja unaweza kuwa haujajaa na bado ukaua.

Vizimba vyenyewe vina historia yake. Mwaka 1981, kwenye nusu fainali nyingine uwanjani hapohapo, watu 38 waliumia kwa msongamano katika jukwaa lilelile. Waliokoka kwa sababu waliweza kuteleza kwenda pembeni na kutoka hadi kando ya uwanja. Baada ya hapo ndipo uzio wa kugawa jukwaa ulipowekwa, na kwa kuuweka, ile njia ya kuponea ikafungwa. Mbele, upande wa uwanja wa kuchezea, palikuwa na uzio mrefu uliopinda juu kuelekea ndani, uliojengwa kuwazuia mashabiki wasivamie mchezo, wenye geti dogo tu kwa kila kizimba. Wajenzi waliogopa watu kuingia uwanjani, wakasahau kwamba siku moja uwanja wa kuchezea ungekuwa mahali pekee pa kukimbilia.

Watu wengi hudhani kwamba katika misiba ya namna hii watu huanguka na kukanyagwa. Hutokea, lakini wengi wa wanaokufa hufa kwa kukosa pumzi wakiwa wima. Ili mtu avute hewa, kifua chake lazima kitanuke. Akibanwa mbele na nyuma kwa nguvu kubwa, kifua hakitanuki, na kila anapotoa pumzi msukumo humbana zaidi na kumwachia nafasi ndogo zaidi ya kuvuta nyingine. Baada ya muda mfupi huzirai, na dakika chache baadaye hufa, ilhali miili iliyomzunguka imemshikilia asianguke. Ndiyo maana aliye hatua tano nyuma yake anaweza kuwa bado anaimba.

Wataalamu hupima hali hii kwa idadi ya watu katika mita moja ya mraba. Wakiwa watu wawili au watatu, kila mmoja anatembea atakavyo. Wakifika wanne, mwendo unapungua lakini bado mtu anaweza kugeuka. Wakipita watano, mtu haamui tena aende wapi, anakwenda na wenzake. Wakifika sita au saba, umati unaanza kutenda kama maji: msukumo unaoanzia upande mmoja husafiri kama wimbi na kuwabeba watu mita kadhaa bila miguu yao kukanyaga vizuri. Mhandisi Mmarekani John Fruin, aliyechunguza misiba mingi ya aina hii, alieleza kwamba nguvu inayojengeka hapo inaweza kupinda vyuma vya ngazi. Hillsborough ilikuwa hivyo. Katika kizimba cha 3, chuma kimoja cha kukatisha msukumo, ambacho kilikuwa kimeliwa na kutu, kilivunjika, na waliokuwa wamekiegemea wakaanguka wakirundikana.

Dalili zinaonekana mapema kwa anayejua kuzitazama. Umati ulio salama una vijisehemu vinavyojitegemea: huyu anageuka, yule anainama kufunga kamba ya kiatu. Umati ulio hatarini unayumba kwa pamoja. Watu walio mbele huacha kutazama mchezo, hugeuza nyuso nyuma na kupaza sauti. Mikono iliyoteremka haipandi tena, na iliyo juu haishuki. Wengine huanza kupanda uzio. Na hapa ndipo macho yaliyofundishwa vibaya hudanganyika. Askari waliokuwa kwenye chumba cha kuongozea Hillsborough, wenye kamera na dirisha linalotazama vizimba, walipowaona watu wakipanda uzio walidhani ni uvamizi wa uwanja. Mashabiki wa jukwaa la juu waliona vizuri zaidi. Walilala kifudifudi ukingoni, wakateremsha mikono, na kuwavuta waliokuwa chini mmoja baada ya mwingine. Mwamuzi alisimamisha mchezo saa tisa na dakika sita, na mbao za matangazo zikang'olewa ziwe machela.

Kwa miaka mingi baadaye lawama zilisukumwa kwa mashabiki: walikuja wamechelewa, walikuwa walevi, hawakuwa na tiketi. Baraza la mwaka 2016 lilikataa maelezo hayo, likaamua kwamba waliokufa waliuawa isivyo halali na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia hatari ile. Nalitaja kwa sababu maneno hayohayo husikika kwetu kila baada ya msiba. Watu hawakuwa na subira, watu walilazimisha kuingia. Mwaka 2010 watu saba walipofariki kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards katika uwanja wa Nyayo, na mwaka 2021 watu 45 walipofariki siku ya kumuaga Rais Magufuli katika uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, hoja ya subira ilikuwa karibu mdomoni mwa kila mtu. Lakini umati wowote uliosimama juani kwa saa nyingi mbele ya geti lisiloeleweka kama litafunguliwa utapungukiwa na subira. Mpangaji anatakiwa kulijua hilo tangu mwanzo, kama ajuavyo kwamba mvua itanyesha masika.

Basi hesabu ya kuingia hufanywaje leo? Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza, ambao nchi nyingi huufuata, umeshusha kiwango hadi watu 660 kwa geti kwa saa, na unataka watazamaji wote waweze kuingia ndani ya saa moja. Hiyo ni sekunde tano na nusu kwa kila mtu. Kwa uwanja wa watu 60,000 unahitaji mageti 91 yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Kwa uwanja wa 30,000 unahitaji 46. Sasa weka upekuzi wa mifuko palepale getini, weka kadi inayogoma kusomwa, weka mtu anayebishana kwamba tiketi yake ni halali. Sekunde tano na nusu zikawa 11. Yale mageti 91 sasa yanapitisha watu 30,000 tu kwa saa, na nusu ya uwanja iko nje mpira unapoanza.

Ndiyo maana kazi nyingi za getini zinapaswa kuhamishwa mbali na geti. Upekuzi na ukaguzi wa kwanza wa tiketi hufanywa mita mia kadhaa kabla, kwenye mzunguko wa nje wenye nafasi, ili asiye na tiketi arudishwe mahali ambapo anaweza kugeuka na kuondoka. Mtu akikataliwa getini penyewe, huku mamia wako mgongoni mwake, hana pa kwenda, naye hugeuka kizuizi. Mei 2023, siku ya fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger katika uwanja wa Benjamin Mkapa, shabiki mmoja alifariki na wengine 30 kujeruhiwa katika msongamano wa kuingia. Na Januari 2022, katika uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, watu wanane walifariki mbele ya geti lililokuwa limefungwa wakati lilipaswa kuwa wazi.

Kitu cha pili ni mamlaka ya kuchelewesha mchezo. Msimamizi wa usalama anatakiwa kuwa na namba mbili mbele yake kila baada ya robo saa: walioingia na waliobaki. Waliobaki wakizidi uwezo wa mageti kwa muda uliosalia, mpira usogezwe mbele, na waliosimama nje watangaziwe kwa kipaza sauti kwamba hakuna wanachokikosa. Tangazo hilo ndilo muhimu, kwa kuwa kelele za ndani mchezo unapoanza ndizo zinazowafanya walio nje wasukume. Hillsborough yenyewe iliwahi kufanya hivyo. Mwaka 1987 nusu fainali ya Leeds na Coventry ilicheleweshwa dakika 15 uwanjani hapo ili watu waingie. Televisheni hulalamika, wafadhili hulalamika, lakini ni dakika 15.

Kutoka nako kuna hesabu yake, na kwa Afrika hili ndilo limeua zaidi. Njia tambarare yenye upana wa mita moja inapitisha watu 82 kwa dakika, ngazi, 66. Kila sehemu ya uwanja inatakiwa iweze kumwagika ndani ya dakika nane. Kwa hiyo jukwaa la watu 10,000 linahitaji, kwa njia tambarare, jumla ya mita 15 na ushei za mageti yaliyo wazi. Ukifunga nusu yake kwa kufuli ili watu wasiingie bure, dakika nane zinakuwa 16. Hilo linavumilika siku ambayo watu wanaondoka taratibu wakizungumza juu ya magoli. Siku wakiwa wanakimbia, kuna vifo.

Tarehe 9 Mei 2001 mjini Accra, Hearts of Oak walikuwa wanaongoza 2-1 dhidi ya Asante Kotoko mechi ikikaribia kwisha. Mashabiki wenye hasira wakang'oa viti na kuvirusha. Polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi kuelekea jukwaani. Maelfu ambao hawakurusha chochote wakateremka ngazi wakiwa hawaoni, wakakuta mageti ya chini yamefungwa. Watu 126 walikufa, wengi kwa kukosa pumzi, katika vijia vilivyojengwa kuwatoa nje. Lima, nchini Peru, mwaka 1964, mambo yalikwenda vivyo hivyo, na waliokufa walizidi 300. Kanjuruhan, Indonesia, Oktoba 2022, tena gesi na tena mageti membamba, wakafa 135. Kanuni za FIFA zimekataza kubeba wala kutumia gesi ya kutuliza umati ndani ya uwanja, na sababu yake ni ya kihesabu: gesi inawaamuru watu wote watoke kwa wakati mmoja, na hakuna uwanja uliojengwa kwa mahitaji hayo.

Kikomo halisi cha uwanja, basi, ni ile namba ndogo kuliko zote kati ya viti vilivyomo, watu wanaoweza kuingia kwa saa moja, na watu wanaoweza kutoka kwa dakika nane. Agosti 2025, baada ya watu kuvunja ulinzi na kuingia Kasarani wakati wa mashindano ya CHAN, CAF ilishusha tiketi za mechi iliyofuata ya Kenya hadi 27,000, mbali chini ya idadi ya viti. Wengi walikasirika. Mimi naona huo ndio uamuzi uliokuwa na hesabu ndani yake, kwa kuwa viti si kitu kama mageti yanayovihudumia hayawezi kusimamiwa.

Ukiingia uwanjani siku ya mechi kubwa, tazama kitu kimoja kabla ya kukaa: geti la kutokea lililo karibu na jukwaa lako. Linatakiwa kufunguka kuelekea nje, lisiwe na kufuli wala mnyororo, na lisiwe na meza ya muuza maji wala pikipiki iliyoegeshwa mbele yake. Awepo mlinzi ambaye kazi yake ni geti hilo tu, anayekaa hapo tangu mashabiki wa kwanza wanaingia hadi wa mwisho anaondoka, na anayeweza kulifungua mwenyewe bila kumpigia mtu simu kuomba ruhusa. Ukimkuta hayupo, au ukiona ufunguo uko mfukoni mwa mkubwa fulani aliyeketi jukwaa kuu, mwite msimamizi umweleze, na usikubali jibu la kwamba litafunguliwa kipenga cha mwisho kikilia.